Usiku wa kuamkia mtihani: Kulala mapema humponza mwenye wasiwasi

NI saa mbili unusu usiku katika nyumba moja ya kupanga mjini Ruiru. Kesho yake, saa mbili kamili asubuhi, binti wa nyumba hiyo anatarajiwa kuanza karatasi ya kwanza ya Hisabati katika Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE). Kituo chake kiko mjini Thika. Tangu adhuhuri hajala chochote cha haja, viganja vinamtoka jasho na amekwenda msalani mara nne.

“Mwanangu, wacha vitabu sasa,” mamake anamwambia. “Ingia ulale mapema ili kesho uamke na nguvu.”

“Sawa, Mama,” binti anajibu, naye anazima taa.

Saa tatu inampita akiwa macho. Saa nne inampita vilevile. Saa tano anaanza kujikemea. Saa saba na dakika kumi usiku anaitazama simu kwa mara ya kumi na kupiga hesabu iliyo ngumu kuliko zote zitakazokuwa kwenye karatasi ya kesho: “Nikipata usingizi dakika hii, nitalala saa nne pekee.” Usingizi unazidi kuhepa.

Binti huyu ni wa mfano tu, lakini kila mwezi wa Novemba wenzake wapo katika nyumba na mabweni mengi kuanzia Ruiru, kupitia Juja, hadi Thika. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ushauri aliopewa, ingawa ulitoka katika moyo wa huruma, ndio uliomweka macho. Makala haya yanaeleza kwa nini, na jinsi usiku huo ungeweza kupangwa vingine.

Usingizi hauamrishwi

Mwanadamu hulala pale nguvu mbili zinapokutana. Ya kwanza ni uchovu unaojilimbikiza tangu mtu alipoamka. Kadiri ubongo unavyofanya kazi, ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyoongezeka, na ndiyo inayoleta ile hali ya macho kuwa mazito. Ya pili ni saa ya mwili, ambayo huongozwa na mwanga wa jua na mazoea ya kila siku. Saa hiyo haijui kwamba kesho kuna mtihani. Inajua tu kwamba mwenyewe amezoea kulala, tuseme, saa nne unusu.

Hapa ndipo penye jambo la kushangaza. Katika saa mbili au tatu zinazotangulia wakati wa kawaida wa kulala, saa ya mwili haimsukumi mtu kulala bali humsukuma akae macho, kana kwamba inakabiliana na uchovu wote wa mchana. Wataalamu wa usingizi wamelipima jambo hili katika maabara na kubaini kwamba kipindi hicho ni miongoni mwa nyakati ngumu zaidi za kupata usingizi katika siku nzima. Kwa hivyo binti wetu, aliyezoea kulala saa nne unusu, alipopelekwa kitandani saa mbili unusu, aliwekwa huko hasa katika kipindi ambacho mwili wake ulikuwa umefunga mlango.

Mtu asiye na wasiwasi angejigeuza kitandani, akachoka kungoja, na hatimaye akalala wakati wake wa kawaida bila madhara. Mwenye wasiwasi hawezi. Kila dakika anayokaa macho huichukulia kuwa ishara ya balaa. Moyo hudunda, mwili hutoa adrenalini, na adrenalini humwamsha zaidi. Ifikapo saa nne unusu, wakati ambapo mlango wa usingizi ungefunguka, tayari ameshapigana na kitanda kwa muda wa saa mbili na kitanda kimegeuka uwanja wa vita.

Kanuni ya kwanza, basi, ni hii: usiku wa kuamkia mtihani, mwenye wasiwasi alale wakati aliozoea, na asiingie kitandani kabla hajasikia usingizi. Anayetaka kuamka mapema kuliko kawaida aanze wiki moja kabla, kwa kuamka dakika 15 mapema kila baada ya siku moja au mbili na kutoka nje kwenye mwanga. Ni rahisi kujiamsha kuliko kujilaza, na anayeamka mapema siku kadhaa mfululizo ndiye hatimaye husinzia mapema.

Usiku mmoja mbovu hauangushi mtu

Kinachomtesa zaidi mwenye wasiwasi si kukosa usingizi wenyewe bali imani kwamba akikosa usingizi, kazi ya miaka minne imeharibika. Imani hiyo ina ukweli kidogo na chumvi nyingi.

Mwaka 2019, watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), Amerika, walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu wanafunzi wa kozi moja ya kemia waliovaa vifaa vya mkononi vya kupima usingizi katika muhula mzima. Takwimu za wanafunzi 88 zilichanganuliwa. Waliolala vizuri na kwa utaratibu katika wiki na mwezi uliotangulia mitihani walielekea kupata alama bora. Hata hivyo, watafiti walipolinganisha usingizi wa usiku mmoja tu kabla ya mtihani na alama za mtihani huo, hawakuona uhusiano.

Utafiti mmoja hauwezi kumaliza mjadala, na hawa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu waliolala majumbani na mabwenini mwao, si watu waliokatazwa kulala. Lakini unaafikiana na jambo linalojulikana kwa muda mrefu: usingizi haba huumiza zaidi kazi ndefu za kuchosha zisizo na mvuto, na huumiza kidogo kazi inayomsisimua mtu. Karatasi ya Hisabati ya KCSE huchukua saa mbili unusu. Kwa muda huo msisimko wa mtihani wenyewe humweka mtahiniwa macho. Fauka ya hayo, watu wanaolala kwa wasiwasi hukadiria usingizi wao kuwa mfupi kuliko ulivyokuwa, kwa sababu vile vipande vya usingizi mwepesi hawavikumbuki asubuhi.

Onyo ni kwamba haya hayamhusu anayekesha makusudi. Kukesha usiku kucha akidurusu ni jambo tofauti kabisa. Aliyekesha hivyo huanza kusoma swali mara mbili tatu bila kulielewa, hunakili tarakimu vibaya, na huruka sehemu ya pili ya swali akidhani amelimaliza. Hizo ndizo dalili za ubongo ulionyimwa usingizi, na hakuna msisimko unaozifuta zote.

Kupanga kuanzia mwisho

Turejee kwa binti wa Ruiru, tupange usiku wake kwa kuanzia asubuhi na kurudi nyuma. Mtihani unaanza saa mbili kamili. Anahitaji kuwa kituoni saa moja unusu. Safari ya matatu kutoka Ruiru hadi Thika kwa kawaida haichukui muda mrefu katika barabara hiyo pana iliyokamilika mwaka 2012, lakini matatu husubiri kujaa, na Novemba ni msimu wa mvua ya vuli. Tumpe dakika 45 za safari na kungoja, kisha dakika 30 za tahadhari. Anapaswa kutoka nyumbani saa kumi na mbili na robo, wakati ambapo jua limeanza kuchomoza. Akijipa saa moja na robo ya kuoga, kula na kwenda msalani bila haraka, ataamka saa kumi na moja alfajiri.

Akilala saa nne unusu kama alivyozoea, atakuwa na nafasi ya saa sita unusu za usingizi. Hata akichelewa kulala kwa saa nzima, bado atapata saa tano unusu. Hesabu hiyo ifanywe mchana na kuandikwa kwenye karatasi, ili isirudiwe gizani saa saba usiku.

Kabla ya saa mbili usiku, kila kitu cha kesho kiwe pamoja mahali pamoja: kalamu mbili au tatu, penseli, seti ya jiometri, kikokotoo kilichojaribiwa, nambari yake ya mtihani, kitambulisho ikiwa ni mtahiniwa wa kibinafsi, na nauli kamili iliyohesabiwa. Sare ipigwe pasi jioni hiyo, kwa kuwa stima ikipotea alfajiri hakutakuwa na pasi wala taa. Tochi au mshumaa na kiberiti viwe mahali panapofikika. Simu ichajiwe mapema, na kengele mbili zitegwe. Mtu mwingine nyumbani akubali kumwamsha. Mwenye wasiwasi ambaye hana uhakika kwamba ataamshwa huzinduka kila saa kuangalia wakati, na huo ni usingizi uliokatwakatwa.

Orodha hii yaweza kuonekana ya kitoto. Kazi yake, hata hivyo, si kubeba kalamu tu. Kila jambo lisilokamilika ni neno ambalo ubongo utalirudia mtu anapofumba macho.

Chajio, chai na tumbo la wasiwasi

Wasiwasi hutenda mambo mawili yanayopingana tumboni. Hupunguza kasi ya tumbo lenyewe kutoa chakula, na wakati huohuo huharakisha utumbo mpana. Ndiyo maana mwenye hofu huhisi ameshiba hata baada ya vijiko vitatu, ilhali anakimbilia msalani kila mara. Si ugonjwa, wala si dalili kwamba amekula sumu.

Kutokana na hali hiyo, mlo mkubwa wenye mafuta mengi usiku huo hukaa tumboni kwa muda mrefu. Baadhi ya wazazi humpa mtahiniwa nyama choma na chipsi kama zawadi ya kumtia moyo. Zawadi hiyo ingojee mwisho wa mtihani. Akilala muda mfupi baada ya mlo kama huo, kiungulia kitamwamsha. Githeri na maharagwe ni chakula kizuri, lakini sahani kubwa ya nafaka na kunde usiku huweza kuleta gesi kwa tumbo ambalo tayari limevurugika.

Chajio iliwe kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja, na iwe ni chakula kilichozoeleka. Ugali wa kiasi na sukuma wiki na yai, wali na ndengu kidogo, au mukimo usio na mafuta mengi, vyote vinafaa. Usiku huu si wa kujaribu chakula kipya wala cha kununua kando ya barabara. Asiyeweza kula sahani nzima ale nusu, kisha saa tatu usiku apate ndizi moja au kikombe cha maziwa ya uvuguvugu. Kulala na njaa humwamsha mtu sawa na kulala ameshiba kupita kiasi.

Adui asiyeshukiwa ni chai. Katika nyumba nyingi za Kiambu chai ya maziwa huchemshwa jioni na kunywewa na kila mtu, na hakuna anayeihesabu kuwa kichangamshi. Kafeini iliyomo huzuia ile adenosini tuliyoitaja isifanye kazi yake. Mwili huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini, ingawa muda huo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Anayekunywa vikombe viwili vya chai nzito saa moja jioni, kufikia saa sita usiku bado ana kiasi cha kikombe kizima mwilini. Kwa mwenye wasiwasi hasara ni maradufu, kwa kuwa kafeini huleta mapigo ya haraka ya moyo na mtetemeko wa mikono, dalili zilezile anazoziogopa. Anazihisi, anadhani hofu imezidi, na hofu inazidi kweli.

Chai, kahawa, soda aina ya kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vikomeshwe kuanzia saa nane mchana. Jioni anaweza kunywa maji, maziwa au uji mwepesi, na apunguze vinywaji vyote katika saa ya mwisho ili asiamshwe na haja ndogo.

Saa mbili za kushuka mlima

Kudurusu kukome saa mbili unusu. Katika nusu saa ya mwisho ya masomo, binti asifungue mada ambayo haijui. Apitie kanuni chache anazozijua, afunge daftari na kuliweka nje ya chumba anacholala ikiwezekana. Mada mpya usiku huo haiingii kichwani. Kinachoingia ni habari kwamba haijui.

Kisha aketi mezani kwa dakika tano na karatasi. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor jimboni Texas waliwaomba vijana 57 waandike kwa dakika tano kabla ya kulala. Kundi moja liliandika mambo yaliyokwisha kufanywa. Kundi la pili liliandika mambo yanayopaswa kufanywa siku zinazofuata. Kundi la pili lilipata usingizi mapema kwa takriban dakika tisa, na walioandika kwa kina zaidi walilala upesi zaidi. Waliopimwa walikuwa vijana wenye afya, si watu wenye wasiwasi mkubwa, kwa hivyo tusiahidi miujiza. Hata hivyo, njia hii haigharimu chochote na haina madhara.

Binti wetu anaweza kuandika: “Kuamka saa 11. Uji. Kutoka saa 12 na robo. Nikikuta swali gumu, niweke alama na kusonga mbele. Nibakishe dakika 15 za kukagua.” Anapofumba macho na wazo la swali gumu likamjia, jibu lake liko kwenye karatasi, wala halihitaji kutafutwa upya.

Karibu na saa tatu aoge kwa maji ya moto. Damu husogea kwenye ngozi, kisha mwili hupoteza joto baada ya kuoga, na kushuka huko kwa joto la ndani ni moja ya ishara za kulala. Baada ya hapo taa ziwe hafifu na shughuli ziwe za kawaida: kukunja nguo, kusikiliza redio kwa sauti ya chini, kuzungumza na wa nyumbani kuhusu jambo lisilo mtihani. Anayesali asali kama alivyozoea.

Simu ni shughuli nyingine. Tatizo kubwa la simu usiku huo si mwanga wake bali ujumbe. Msimu wa KCSE huja na vikundi vya WhatsApp na Telegram vinavyodai kuwa na karatasi ya kesho. Mwenye wasiwasi hana uwezo wa kupuuza ujumbe kama huo. Akiufungua, atakesha akifanyia kazi maswali ya kubuni. Asipoufungua, atakesha akihofia kwamba wenzake wameyaona. Ikumbukwe kwamba baada ya udanganyifu mkubwa wa mwaka 2015, utaratibu wa kuhifadhi karatasi ulibadilishwa kuanzia 2016, na karatasi sasa huchukuliwa kwenye makontena yenye ulinzi asubuhi ya mtihani. Wauzaji wengi wa karatasi ni matapeli, na kununua ni kosa linaloweza kufutilia mbali matokeo. Data izimwe saa mbili unusu. Simu ibaki kuwa kengele tu, tena mbali na kitanda na kioo chake kikiwa kimetazama chini. Asubuhi iachwe nyumbani, kwa sababu hairuhusiwi katika chumba cha mtihani.

Usingizi ukikataa

Tuseme amefuata yote hayo na bado yu macho. Kuna njia iliyopendekezwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972, ambayo hadi leo ni nguzo ya tiba ya kukosa usingizi. Ukihisi umekaa macho kwa dakika 20 hivi, ondoka kitandani. Usiitazame saa ili kuhakikisha; kadiria tu. Keti kwenye kiti, ujifunike shuka, ufanye jambo la kuchosha katika mwanga hafifu, kama vile kusoma gazeti la zamani. Urudi kitandani macho yakiwa mazito. Ikibidi, rudia. Shabaha ni kuufundisha ubongo kwamba kitanda ni mahali pa kulala, si mahali pa kuhangaika.

Katika nyumba ya chumba kimoja, au bwenini ambako mlinzi hataki mtu atembee, hili haliwezekani. Badala yake mtahiniwa aketi kitandani, aegemee ukuta, miguu ikiwa nje ya blanketi, kisha alale tena anaposinzia. Bwenini pia kuna wanaosoma kwa tochi na wanaoamka saa tisa. Kuwaona hao humchoma mwenye wasiwasi kuliko kelele zao. Kitambaa chepesi cha kufunika macho na pamba masikioni vitamkinga na yote mawili.

Akiwa kitandani apumue polepole, akivuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, kwa muda wa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya moyo. Akihisi kizunguzungu au vidole kufa ganzi, anapumua kwa nguvu mno na anapaswa kulegeza.

Likishindikana, kuna ushauri unaoonekana kinyume: alale chali gizani, macho wazi, ajiambie kwamba anajaribu kukaa macho kwa utulivu. Wataalamu hutumia mbinu hii kwa sababu kinachofukuza usingizi ni ile juhudi ya kuutafuta. Juhudi ikiondolewa, mara nyingi lepe la usingizi huja lenyewe.

Dawa za dukani

Wazazi kadhaa hufikiria kumpa mtoto tembe za mzio kama Piriton ili alale. Ni kweli kwamba humsinzisha mtu. Lakini usingizi huo huweza kumfuata hadi asubuhi, akaingia chumba cha mtihani akiwa na kinywa kikavu na akili nzito. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kama propranolol, ni hatari kwa mwenye pumu na hazipaswi kutumiwa bila daktari. Miraa na muguka huondoa usingizi na hamu ya kula kwa pamoja, kisha humwacha mtu ameishiwa nguvu asubuhi. Hata dawa iliyoandikwa na daktari isijaribiwe kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia mtihani.

Asubuhi

Kengele ikilia saa kumi na moja, aamke mara moja hata kama alilala vibaya, awashe taa na anawe uso kwa maji baridi. Nusu saa ya kwanza wasiwasi huwa juu, kwa sababu homoni ya kotisoli hupanda kwa kila mtu muda mfupi baada ya kuamka. Hofu ya saa hiyo si utabiri wa mtihani. Aipe dakika 40 na itashuka kidogo.

Ale mapema, karibu saa kumi na moja na dakika 20, ili utumbo upate muda wa kufanya kazi kabla ya safari. Uji wa wimbi na ndizi, au mkate na yai, unatosha. Kama kichefuchefu kinamzuia, anywe nusu kikombe cha uji kwa mafundo madogo na abebe ndizi ya kula akifika Thika. Mtindo wa kulamba glukosi ya unga hausaidii kitu ambacho uji hausaidii, na sukari tupu tumboni mwa mwenye kichefuchefu huweza kumtapisha. Aliyezoea chai ya asubuhi anywe kikombe kimoja chake cha kawaida, kwa kuwa kuiacha ghafla huweza kuleta maumivu ya kichwa. Asiyezoea asianze leo.

Akifika kituoni asimame mbali na kundi linaloulizana maswali.

Wasiwasi ukizidi mipaka

Mpango huu ni wa hofu ya mtihani, si wa kila hofu. Kuna ishara kwamba jambo limezidi kiti na kikombe cha uji: kukosa usingizi kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo, kutapika kila asubuhi, vipindi vya kushindwa kupumua na kuhisi kifo, au maneno kwamba afadhali kutoishi. La mwisho likisikika, mtoto asiachwe peke yake usiku huo, na msaada utafutwe mara moja. Simu ya Childline Kenya ya 116 hupigwa bila malipo, na Hospitali ya Thika Level 5 iko karibu kwa wakazi wa eneo hili. Mtahiniwa anayeugua ghafla mzazi wake amjulishe mwalimu mkuu au msimamizi wa kituo mapema, kwa sababu kila mwaka wapo wanaofanyia mtihani hospitalini chini ya usimamizi.

Na mzazi je? Yule mama wa Ruiru angeweza kusaidia kwa sentensi tofauti. Badala ya “lala mapema”, angesema saa mbili unusu: “Mwanangu, kalamu na nauli ziko hapa mezani. Mimi nitakuamsha saa kumi na moja. Ukisikia usingizi nenda, usipousikia njoo uketi nami.” Kisha aketi kweli, taa ikiwa hafifu, wakikunja nguo pamoja hadi saa nne unusu.